Harambee ya kupaua madarasa Kigoma: chakula cha kadi ukumbini au mnada uwanjani?

KakaWaMwanga: Habari wakuu. Kamati ya mtaa wetu hapa Kigoma tunataka kupaua boma la vyumba viwili vya madarasa. Tumegawanyika. Wengine wanataka chakula cha jioni ukumbini, kadi 20,000. Wengine wanataka harambee uwanjani, watu wachange papo hapo, na kuwe na mnada wa dagaa, mawese na mbuzi. Tupo 12 wa kujitolea. Kipi kitatupa hela zaidi?

MamaKibirizi: Mwanangu, unahitaji kiasi gani? Ni lini? Na hao wachangiaji ni watu wa mshahara au wa ziwani? Bila hayo tutakujibu hewani.

KakaWaMwanga: Samahani mama. Tumepungukiwa milioni 6 za mbao na bati. Tumepanga Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imetoka. Wachangiaji wengi ni watu wa mwaloni.

Mjasiri88: Ukumbi, bila kusita. Kadi 150 kwa 20,000 ni milioni 3 kabla mtu hajatoa ahadi.

MamaKibirizi: Hiyo ni hela ya mauzo. Sahani ikikugharimu 9,000, watu 150 ni 1,350,000. Ukumbi, viti na muziki weka 600,000, maji na uchapishaji wa kadi 150,000. Unabaki na 900,000. Kadi 40 zikirudi bila kuuzwa na chakula kimeshapikwa, una 100,000 mkononi. Ukumbi unalipa pale tu matajiri wanapotoa ahadi kubwa juu ya kadi.

Tarehe yenu nayo ina kasoro. Mvuvi wa dagaa hana mwisho wa mwezi wa mshahara. Wakati wa giza yuko ziwani usiku kucha na mchana amelala. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti dagaa vizuri, mitumbwi inapumzika, na huku kwetu ndipo wengi wanapogawana mapato ya giza. Chukueni kalenda, tafuteni mwezi mpevu, mpange Jumamosi iliyo karibu nao.

Mnyamwezi_Tabora: Huku kwetu tunasubiri wakulima walipwe tumbaku. Nanyi subirini.

MamaKibirizi: Hapa tumbaku si hela ya wengi, mdogo wangu. Ila umenikumbusha: 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ukipanga tarehe ndani ya kipindi kama hicho, mwaloni kutakuwa kukavu.

Fundi_Ujiji: Niseme yaliyotupata sisi. Tulifanya harambee ya uwanjani, uzio wa zahanati. Watu walijaa, ngoma zikalia, mshereheshaji akawa anapokea ahadi kwa kipaza sauti na kijana mmoja anaandika kwenye daftari. Mwisho zikatangazwa milioni 4.2, tukashangilia. Kesho yake tunafungua daftari: "Baba Asha 100,000", "Mzee wa boti 200,000". Hakuna namba ya simu, hakuna tarehe ya kulipa. Kina Baba Asha mtaani walikuwa watatu! Taslimu ilikuwa 900,000, na baada ya miezi miwili ya kufuatilia tukafika milioni 1.3. Uzio uliishia nguzo. Mpaka leo nikipita pale naumia.

Kwa hiyo watu 12 wagawe hivi: wanne meza ya ahadi, kila ahadi iandikwe jina, simu na tarehe, na mwenyewe atie sahihi. Watatu wahesabu taslimu pamoja, wasiwe ndugu, na stakabadhi ikatwe palepale. Wawili mnada. Watatu viti, maji na usalama. Mshereheshaji mtafute nje ya hao.

Mjasiri88: Siku hizi nani anabeba taslimu? Wekeni lipa namba, basi.

Fundi_Ujiji: Sawa, lakini isiwe imesajiliwa kwa jina la mtu binafsi. Ndipo maneno yanapoanzia.

KakaWaMwanga: Asanteni sana. Na maandalizi tuanze lini?

MamaKibirizi: Wiki 6 kabla, mwone mtendaji wa kata akuelekeze kuhusu kibali, na fundi akupe makadirio ya mbao na bati kwa maandishi. Wiki 4, barua ya mgeni rasmi na bahasha za wafadhili. Wiki 2, kusanyeni vitu vya mnada na kuandika bei ya kuanzia. Siku 3 kabla, jaribuni spika na jenereta, na kila mmoja arudie kazi yake kwa mdomo. Halafu siku ya 7 baada ya harambee pigieni walioahidi. Wiki hiyo watu bado wanakumbuka.

Mnyamwezi_Tabora: Mgeni rasmi akichelewa je? Sisi alikuja saa 11, watu walishaondoka.

Mjasiri88: Msimngoje, anzeni mnada.

Fundi_Ujiji: Hapana, mkianza bila yeye atachukia na bahasha itapungua. Mpelekeeni kijana wa kumsindikiza tangu nyumbani kwake.

MamaKibirizi: Mimi naona mnada wa dagaa uanze saa 9, awepo asiwepo. Watu wa mwaloni hawakai.

KakaWaMwanga: Kamati inakaa Jumapili. Kuna mwenye spika kubwa za kuazima, Mwanga au Katonga?