Tupeane uzoefu: hoteli uliyoipa nyota chache, ulikuwa na haki?

Mpanda_Ngazi
Wakuu, nimerudi jana kutoka safari ya kikazi, nimelala hoteli moja siku tatu. Jina naliacha. Nataka kuandika maoni ya kuwasaidia wanaokuja nyuma yangu, ila kila nikifika kwenye nyota nakwama.

Usafi siulalamikii. Bafuni hakuna unywele hata mmoja, shuka zinanukia jua. Balaa lilianza saa nne usiku. Ukuta wa upande wa kichwani kumbe ndio ukuta wa lifti. Kila ikipita nasikia mvumo, halafu kishindo inaposimama, halafu ile kengele ya mlango. Nilihesabu safari 19 nikaacha. Saa sita na nusu nikashuka mapokezi nimenuna. Dada wa zamu hakubishana nami. Alipanda hadi chumbani, akasimama kimya mpaka lifti ikapita, akasema, "Pole kaka, nimeisikia." Akanihamishia mwisho wa korido, begi kabeba mwenyewe. Usiku mbili zilizobaki nililala fofofo.

Kuhusu mahali, tangazo linasema dakika tano hadi stesheni. Ni kweli, kwa gari. Kwa miguu nilitumia dakika 22, kwa sababu reli inapita katikati na daraja la kuvukia liko mbali. Kwenye ramani unaona kama unaweza kurusha jiwe likafika.

Sasa hapo nyota ngapi? Leteni na ya kwenu.

Kiziwi_wa_Hiari
Omba ghorofa ya juu kabisa, mbali na lifti. Mimi hiyo ndiyo sala yangu.

mama_wawili
Ghorofa ya juu? Mimi niliiomba nikapewa, juu ya paa kuna baa na muziki mpaka alfajiri. Vizibo vya masikio vilizuia maneno ya nyimbo, ule mdundo wa besi ukawa unapita kitandani na kupanda mbavuni. Bora ghorofa ya katikati.

Kiziwi_wa_Hiari
Hiyo ni bahati yako mbaya, usiharibu sala za watu.

Nyundo
Mpanda_Ngazi toa nyota mbili. Hoteli inajua chumba hicho kinapiga kelele na bado inakigawa. Upole wa dada wa mapokezi usiwe pazia la kufunika kosa la mwenye mali.

mama_wawili
Nyundo, ukitoa mbili, anayeitwa ofisini asubuhi ni huyo dada, mwenye mali hayupo.

Nyundo
Basi mtaje kwa wema na nyota zibaki mbili. Tatizo liko wapi?

Tausi_Msafiri
Jamani lifti mnaita balaa? Kaeni chini niwasimulie.

Nilifika hotelini usiku, nimechoka, begi nikalitupa juu ya kitanda. Asubuhi naamka mkono wote una vipele, vitatu vitatu vimejipanga mstari kama mshono. Mbu hawang'ati kwa kupanga foleni! Nikashuka kwa meneja. Hakunitazama hata usoni. Akasema, "Hapa hatuna kunguni, labda umekuja nao." Mbele ya wageni wengine wenye mabegi yao! Nilitamani ardhi inimeze, kisha nikatamani immeze yeye. Nikalipa, nikaondoka, nikawapa nyota moja na jina la hoteli kwa herufi kubwa. Wiki tatu baadaye nikawakuta kwenye godoro la nyumbani kwangu. Mume wangu alilala sebuleni mwezi mzima, hadi leo nikisikia mwasho naruka kuwasha taa.

Bwana_Begi
Uwiii. Pole dada. Mimi tangu leo nalala na viatu.

Nyundo
Kunguni ni uchafu tu. Hoteli chafu, kunguni wapo. Hoteli safi, hawapo. Nyota moja ni halali.

Aliyetandika
Nimesafisha vyumba vya hoteli miaka sita, niwape ya ndani. Kunguni hajali usafi, anafuata mtu aliyelala. Chumba kinachong'aa kikipokea begi lenye kunguni jana, leo kinao. Uchafu na mrundikano wa vitu vinampa maficho tu na kutuchelewesha kumwona.

Dada Tausi, pole kwa yule meneja, lugha ile haina utetezi. Lakini nikuulize: usiku wa kabla ya hapo ulilala wapi? Vipele vya kunguni kwa wengine hutoka siku hiyohiyo, kwa wengine huchukua siku kadhaa, hata wiki mbili. Na mstari peke yake si ushahidi, viroboto nao hung'ata kwa makundi. Uliwaona wadudu wenyewe, au madoa?

Tausi_Msafiri
Kwa hiyo na wewe unasema nimekuja nao? Nyie wa hoteli mnalindana.

Aliyetandika
Niliacha kazi hiyo zamani dada, sina wa kumlinda. Nasema vipele havitaji jina la hoteli, godoro ndilo linalotaja. Ukifika, begi liache bafuni kwenye vigae. Washa tochi ya simu, vua shuka pembeni upande wa kichwani, fuata mshono wa godoro kwa kidole. Unatafuta vidoti vyeusi kama vya kalamu ya wino. Vipanguse kwa kitambaa chenye maji: vikisambaa na kuacha wekundu wa kutu, ni kinyesi chao. Kisha chungulia nyuma ya ubao wa kichwani na kwenye matundu ya skrubu. Mkubwa wake anatosha kuonekana kwa macho, kama mbegu ya tufaha. Ukimkuta, mnase kwa gundi ya karatasi, piga picha, ndipo ushuke. Hapo hata meneja mkorofi anakosa la kusema. Na wakikuhamisha, kataa chumba kinachopakana na hicho, cha juu yake na cha chini yake.

Bwana_Begi
Mimi nikirudi begi naanika juani siku nzima, habari kwisha.

Aliyetandika
Jua linapasha nje, wao wanahamia kwenye kivuli cha mikunjo. Nguo fua kwa maji ya nyuzi 60 au zungusha kwenye mashine ya kukaushia kwa joto kali nusu saa. Kisichofulika kiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne.

chipukizi_09
Habari wakuu, hiyo hoteli ya mtoa mada inapokea maombi ya kazi?

Nyundo
Soma kichwa cha uzi kijana.

Tausi_Msafiri
Nimerudi. Nimekaa nikahesabu. Kabla ya hoteli ile nililala siku tatu nyumba ya wageni nyingine, na sikukagua chochote, kote. Wadudu niliwaona kwangu tu. Ila yule meneja simwondolei hata herufi moja, alinidhalilisha mbele ya watu.

mama_wawili
Sasa maoni yako utayahariri au?

Tausi_Msafiri
Sijui. Nikifuta nitaonekana nimeogopa.

Aliyetandika
Ya meneja yaache yalivyo, uliyasikia kwa masikio yako. Ya kunguni andika ulichokiona: vipele asubuhi, godoro hukulikagua.

Nyundo
Na nyota?

Mpanda_Ngazi
Mimi nimeandika hivi: "Vyumba ni safi. Vya karibu na lifti havilaliki, omba mwisho wa korido. Nililalamika usiku wa manane, nikahamishwa bila ugomvi. Stesheni ni dakika 22 kwa miguu, ukiwa na begi zito panda gari." Sehemu ya nyota nimeiacha wazi, mfumo unakataa kutuma bila nyota.

Bwana_Begi
Weka tatu, twende tukalale.

Nyundo
Mbili.