Tupeane uzoefu: Uliutafsirije ualimu wako ulipohamia kufundisha wafanyakazi?

Bi Chaki: Habari zenu walimu. Nimefundisha Hisabati sekondari miaka 9, mitatu ya mwisho nikiwa mwalimu wa taaluma. Mwezi uliopita nilifanya usaili wa ukufunzi kwenye taasisi moja ya mikopo midogo. Wakaniuliza, "Utajuaje kuwa mafunzo yako yamezaa matunda?" Nikajibu nitawapa jaribio mwishoni. Nikaona nyuso zimepoa, na sikuitwa tena. Mliotangulia, mlivukaje hapo? Naomba visa vyenu wenyewe.

Mwanadodoma: Dawa ni kuondoa neno mwalimu kwenye sivii. Mimi niliandika "mtaalamu wa kukuza ujuzi" na nikaitwa usaili mara mbili.

Mama Tathmini: Na kazi ulipata?

Mwanadodoma: Bado. Usaili wa pili walimpigia mdhamini wangu, akawaambia mimi ni mwalimu wa Jiografia. Ikaonekana nimeficha jambo.

Mama Tathmini: Pole. Kubadilisha lugha uko sahihi, kuficha ndiko kulikokuponza. Ngoja nieleze yangu, mimi nilitoka darasani 2016.

Kazi yangu ya kwanza pia ilikuwa kwenye mikopo. Meneja alitaka siku mbili za mafunzo kwa maofisa mikopo, kwa sababu fomu nyingi zilikuwa zikirudishwa na makao makuu. Nikaomba kwanza nipewe fomu 50 zilizorudishwa. Nilizisahihisha kama madaftari: kalamu nyekundu, na karatasi pembeni ya kuhesabu kila kosa limejirudia mara ngapi. Fomu 31 zilikuwa na kosa kwenye visanduku viwili tu. Kimoja kiliandikwa "kipato" bila kusema ni cha siku au cha mwezi. Hapo hapakuhitaji mafunzo, fomu ndiyo ilihitaji kurekebishwa. Kingine kilikuwa kukokotoa uwezo wa kulipa, na hicho kweli maofisa walikuwa hawakijui. Siku mbili zikawa asubuhi moja, wakikokotoa kwa mafaili ya wateja halisi huku mimi nikizunguka kati ya meza.

Baada ya wiki 6 nilichukua tena fomu 50 zilizopita mikononi mwa maofisa walewale, nikahesabu makosa yaleyale. Bi Chaki, jibu la swali lako ni hilo. Jaribio la mwishoni linaonyesha alichokumbuka mfanyakazi jioni ile. Mwajiri anataka kujua mfanyakazi huyo anafanya nini tofauti Jumatatu mezani kwake, kwa hiyo unapima kabla, kisha unarudi kupima baadaye.

Bi Chaki: Uchambuzi wa makosa nimeufanya kila muhula! Kwenye sivii niliandika tu "nilifundisha na kusahihisha".

Mama Tathmini: Andika ulichokiona na ulichobadilisha. Nipe kisa kimoja.

Bi Chaki: Kidato cha 2, wanafunzi 140. Kwenye mazoezi ya aljebra wengi walikosa palepale, pa kufungua mabano yenye alama ya kutoa mbele. Nikaandika upya vipindi 3, nikapima tena.

Mama Tathmini: Basi andika hivi: "Nilichambua kazi za wanafunzi 140, nikabaini kosa kuu, nikasanifu upya vipindi 3 na kupima matokeo." Ongeza idadi ya waliokosa kabla na baada, kama bado unayo. Kama huna, usiibuni.

Mwl wa Kilwa: Mimi nipo Kilwa, Kiswahili na Historia, natafuta wa kubadilishana naye kituo aje huku nami niende Morogoro au Pwani.

Bi Chaki: Mwalimu mwenzangu, hapa tunazungumzia kuacha darasa kabisa, siyo uhamisho.

Mwl wa Kilwa: Samahani, nilisoma "kuhamia" nikajua ni uhamisho. Ila hapa shuleni mimi ndiye mratibu wa MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini. Hiyo nayo inahesabika?

Mama Tathmini: Sana. Pale unafundisha watu wazima, wenzako, wengine wamekuzidi miaka kazini. Wasaili watakuuliza hilo kabla ya yote, maana wanaogopa mwalimu atawasemesha wafanyakazi kama watoto. Mimi nilifanya kosa hilo: niliuliza "tumeelewana?" wakaitika "ndiyooo", nami nikaendelea. Kumbe hawakuelewa, wala hawakuwa tayari kusema mbele ya bosi wao. Siku hizi siulizi. Nawapa faili wafanye, naangalia mikono yao.

Msanifu Mwanza: Mimi natengeneza masomo ya kwenye kompyuta, sisimami mbele ya mtu. Kwangu sivii haikusaidia sana, walitaka kuona kazi. Nilichukua andalio langu moja la dakika 40, nikaligeuza jedwali la skrini 12: safu ya maneno, safu ya picha, na safu ya kile mfanyakazi atakachofanya. Ile ya tatu ilinitesa. Skrini 8 nilikuta hafanyi kitu, anasoma tu. Nilibakiza 7 kati ya zote 12.

Mwanadodoma: Uliacha shule kwanza au ulipata kazi kwanza?

Msanifu Mwanza: Niliandaa wakati wa likizo, nikaacha baada ya mkataba.

Mama Tathmini: Mimi niliacha kwanza. Miezi 5 bila mshahara, na mpaka leo sijui kama ningepata muda wa kujiandaa nikiwa na vipindi 28 kwa wiki.