Tupeane uzoefu: paswedi imetoka kwenye logi za paipulaini, ulifanyaje?

mkesha_sava: Wakuu habari zenu. Naanza na langu. Ijumaa jioni maigresheni ya databesi inagoma GitLab, nikaweka `set -x` kwenye skripti nione inakwama wapi, nikijua paswedi imefichwa, yaani itatoka [MASKED]. Kufungua logi nakuta hivi (paswedi nimeibadili, msihangaike):

```
+ psql postgres://app:Ngalawa%40Tanga77@10.0.4.12/mauzo
```

Kumbe ile maski inatafuta neno kama nilivyolihifadhi, Ngalawa@Tanga77. Skripti yangu ilikuwa inageuza @ kuwa %40 ili likae kwenye anwani, basi halikufanana na likapita mchana kweupe. Nikabonyeza kapipa ka taka kwenye jobu, logi ikafutika, nikaenda kulala. Jumatatu mwenzangu ananiuliza hii nini. Nilisahau jobu niliirudia mara tatu, kwa hiyo zilikuwa logi nne na mimi nimefuta ya mwisho tu. Nyie mlimalizaje?

bi_terminali: Pole kaka, lakini mbona hujasema umebadili paswedi saa ngapi? Hiyo ndo ya kwanza. Ukishaiua, logi inabaki karatasi tu. Kufuta fanya baadaye kwa utulivu, na zile za kurudiwa hazitokei kwenye orodha mpaka uziombe:

```
GET  /projects/42/pipelines/981/jobs?include_retried=true
POST /projects/42/jobs/5512/erase
```

Hiyo ya pili unaipiga kwa kila namba ya jobu, inaondoa logi na faili za bildi pamoja, ila jobu iwe imeshamaliza kukimbia.

chizi_wa_kodi: Mnajichosha bure. Mimi nafuta paipulaini nzima, kila kitu kinaenda, paswedi nabaki nayo ileile. Mwaka wa pili huu hakuna kilichotokea.

bi_terminali: Paipulaini ukiifuta kweli jobu, logi na faili zake zinaondoka, hapo uko sahihi. Ila alishazipakua nani kabla hujafuta? Utajuaje? Na hakuna kilichotokea ni hakuna *ulichokiona*.

mama_wawili_dev: Yangu haikuwa logi. Kuna kijana aliandika `env > build/debug.txt` akitafuta kosa, na folda ya `build/` yote inapandishwa kama faili za bildi. Logi safi kabisa, nyota tupu, lakini ukipakua zipu unakuta kila kitu kimeandikwa wazi, maana maski inafanya kazi kwenye logi tu, ndani ya faili haigusi. Tulikaa nayo wiki mbili hatuna habari. Siku hizi kabla ya kupandisha nina mstari mmoja:

```
if grep -rqF -- "$DB_PASS" build/; then exit 1; fi
```

Haikamati ile ya %40 ya mkuu hapo juu, najua.

juma_pwani: Mimi nilitumia git filter-repo kuondoa kwenye historia, halafu nikasukuma kwa nguvu, timu nzima ikanichukia lol

bi_terminali: Hiyo ya paswedi iliyoandikwa ndani ya kodi, juma. Hii imetoka kwenye jobu, historia ya git haina kosa.

ndugu_kroni: Kubadili kwanza ni rahisi kusema. Kwetu paswedi moja ilikuwa inatumiwa na huduma sita, na ya sita hakuna aliyekuwa anaikumbuka. Tulibadili jumanne kwenye Postgres, kila kitu kikaendelea vizuri tukapongezana. Kumbe koneksheni zilizokuwa wazi hazikatiki ukibadili paswedi, zinaendelea na maisha. Alhamisi usiku sava ya ripoti ikaanza upya, ikaanza kulia:

```
FATAL: password authentication failed for user "app"
```

Na kama kuna mwizi alishaingia naye anabaki ndani vilevile mpaka umkate kwa `pg_terminate_backend`. Baada ya hapo tukaacha kubadili paswedi ya yuza mmoja, tunatengeneza yuza wa pili mwenye haki zilezile, tunahamisha huduma mojamoja, tukiona kwenye `pg_stat_activity` hakuna tena anayetumia jina la zamani ndo tunamfungia. Nyingine, tumia `\password` ndani ya psql. Ukiandika ALTER ROLE na paswedi mpya wazi, inaweza kuangukia kwenye logi ya databesi yenyewe, unarudi ulikotoka.

mama_wawili_dev: Hapo sikubali kidogo. Kuhamisha mojamoja kunachukua siku, na siku zote hizo paswedi iliyovuja bado inafungua mlango. Bora huduma zizime nusu saa.

ndugu_kroni: Databesi yetu haifikiki kutoka nje, ndo maana tulivumilia. Ingekuwa iko wazi mtandaoni ningezima hata mchana.

mkesha_sava: Swali jingine, kabla ya kufuta logi mnatunza kopi? Bosi anataka ushahidi wa kilichoonekana.

bi_terminali: Mimi natunza namba za jobu, saa, na nani ana ruhusa ya mradi. Logi yenyewe situnzi.

ndugu_kroni: Mimi natunza, ila baada ya paswedi kufa. Mkuu, ile bildi ya ijumaa ilitoa imeji ya Doka? Kama paswedi ilipita kwenye ARG, piga `docker history --no-trunc` uone.

mkesha_sava: Ilitoa tatu. Ngoja nikaangalie.