Westi ya sinki inavuja, niweke puti au silikoni?

Kibarazani: Wakuu naombeni ushauri wa haraka, jumamosi napokea wageni. Nimefunga westi mpya ya sinki la jikoni, ile yenye kikapu na skrubu ndefu katikati, maji yanadondokea kabatini. Muuza duka anasema puti, jirani anasema silikoni. Nishike lipi?

MamaWawili: Pole mdogo wangu. Mimi fundi alipaka silikoni akaniambia tumia tu, kesho yake unga wote wa kabatini umelowa. Hamisha unga kwanza.

Mzee_wa_Puti: Puti ndiyo yenyewe. Isokote kama kamba, zungusha chini ya mdomo wa westi, kandamiza.

BombaKavu: Kabla ya hapo tujue yanatokea wapi. Ziba kikapu, jaza sinki, zungushia tishu kavu kwa chini. Ikilowa maji yakiwa yametulia, kosa liko pale westi inapokutana na sinki. Ikibaki kavu mpaka uachie maji, basi angalia nati ya trapu, westi usiiguse. Na sinki ni la nini?

Kibarazani: La kawaida tu. Tishu imelowa maji yakiwa yametulia.

BombaKavu: Kawaida stili au kauri?

Kibarazani: Kauri. Ila puti nimeshanunua, na renchi ya bomba nimeazima, nakaza kidogo kidogo. Ile raba nene ya chini sijaiweka maana ilikuwa inateleza, si puti inafanya kazi ileile?

Msakatonge: Uzi wa kutunga huu. Skrubu inakazwa kwa bisibisi kutoka juu, renchi unaikaza wapi?

Kibarazani: Situngi kaka! Renchi nashikilia kopo la chini lisizunguke wakati mke wangu anakaza juu.

BombaKavu: Hapo nimekuelewa, ila rudisha renchi. Kauri kwa chini haiko sawasawa, bila raba lile kopo linagusa sehemu moja tu na nguvu yote inaishia hapo, ndipo panapopasuka. Fungua, futa puti yote mpaka pakauke. Juu puti kamba nyembamba, au raba yake kama ilikuja nayo, usichanganye. Chini raba lazima, na kavu. Kopo lishikwe kwa mkono, bisibisi ikaze mpaka raba ianze kutokeza kidogo pembeni, uishie hapo. Puti ya juu itatoka kama uji, futa. Ukichagua silikoni sawa, ila iache siku nzima bila maji.

Mzee_wa_Puti: Mimi raba za chini sijawahi kuziamini, zinakauka.

BombaKavu: Zikikauka zinabadilishwa mzee, sinki je?

Kibarazani: Kuna kamstari kembamba karibu na tundu, nadhani kalikuja nako toka dukani.

BombaKavu: Paka chai ya rangi, iache kidogo, futa kwa kitambaa chenye sabuni. Mstari ukibaki na rangi huo ni ufa, usikaze chochote. Weka picha.

MamaWawili: Na hao wageni si waoshee vyombo nje tu?