Maelezo ya asali ya kukopi yamenitia aibu, wauzaji tuache huu mchezo

Binti_wa_Sikonge:

Wadau leo nimekuja na hasira na sitaificha. Mwezi wa tatu nilimlipa kijana mmoja elfu 60 aniandikie maelezo ya asali yangu ya kuweka Insta na wasap, maana kuandika si fani yangu, mimi kazi yangu ni kupokea ndoo kutoka kwa mjomba Sikonge, kuchuja na kujaza chupa hapa Kimara. Akaniletea hii:

"ASALI MBICHI ORIJINO 100%. Haijachanganywa na kitu chochote. Inatibu magonjwa zaidi ya 40. Inafaa kwa wazee, watu wazima na watoto wachaga. Tunatuma mikoa yote. Wahi, mzigo ni mchache."

Nikabandika. Wiki tano nzima meseji zinazoingia ni neno moja tu, "bei?", nikisema lita elfu 18 mtu ananijibu "mwenzio anatoa kwa 12" halafu kimya, hata haulizi ya kwangu ina nini.

Sasa lililonipandisha presha ni wiki iliyopita. Mama mmoja kanitumia meseji, "dada mwanangu ana miezi saba nimpe vijiko vingapi kwa siku?" Nikamuuliza nani kakwambia mtoto wa miezi saba anapewa asali, akajibu "si umeandika wewe mwenyewe". Nikarudi kusoma tangazo langu. "Watoto wachaga", kumbe ni wachanga, n imeruka. Dada yangu ni nesi, nikampigia, alinifokea mpaka simu ikawa ya moto, akasema mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi asali hata ya kulamba, inaweza kuwa na mbegu za kijidudu ambacho tumbo lake bado halina nguvu ya kukizuia, kikikua mle ndani kinatoa sumu inayolegeza misuli mpaka mtoto anashindwa kunyonya na hata kupumua. Namshukuru Mungu yule mama aliuliza kabla ya kumpa.

Nikaandika "watoto wachaga" kwenye kutafuta. Wametokea wauzaji saba! Mmoja anasema yake ya Kigoma, mwingine Singida, mwingine hasemi inatoka wapi, wote maneno yaleyale na n imeruka palepale. Yaani hakuna hata mmoja aliyesoma anachobandika, na mimi nikiwemo. Nimelipa elfu 60 ninunue kosa la mtu mwingine na limekaribia kumdhuru mtoto wa watu. Nimefuta kila kitu. Sasa niambieni nyie mnaouza, mnaandika nini mpaka mtu asiishie kwenye "bei?"

Mjasiriamali_Kkoo:

Pole dada ila usifute yote, hapo unakosea. Watu wakitafuta wanaandika "asali mbichi" au "asali orijino", ukiyatoa hayo maneno hutaonekana kabisa. Tatizo lako ni bei, shusha iwe 12 kama wenzio utaona mabadiliko.

Binti_wa_Sikonge:

Kaka 12 ni hasara, ndoo ya lita 20 kununua, gari, chupa na lebo, nikiuza 12 nabaki na jasho. Na nikishusha kesho yule ataweka 11.

Mama_Vitenge:

Mdogo wangu kama wateja wanaikimbia labda asali yenyewe ina walakini? Chovya njiti ya kiberiti kwenye asali halafu washa, ikiwaka ni orijino. Rekodi video uweke. Mimi kwenye vitenge nikiandika "waksi orijino haichuji rangi" watu walikuwa hawaamini mpaka nilipoanza kurekodi nafua kile kitenge kwenye beseni jeupe, sasa hivi wanauliza "kile cha beseni kipo?"

MzeeWaMizinga:

Mama Vitenge beseni lako ni somo zuri ila njiti hapana. Njiti inagoma kwa ajili ya maji. Asali halali kabisa iliyovunwa mapema njiti inaweza kugoma, na sharubati nzito ya sukari njiti ikawaka. Haimwambii mteja kitu.

Binti nisikilize, nimefuga na kuuza asali miaka mingi. Mteja akisoma matangazo kumi yenye maneno mamoja hana namna ya kujua ipi ni ipi, kitu pekee kinachotofautiana pale ni namba ya bei, ndiyo maana anakuuliza bei. Si kwamba ni bahili, ni wewe hujampa kitu kingine cha kuuliza. Halafu hayo maneno hata mwenye sharubati anayaweza, "asilimia 100" haimgharimu kitu. Andika kitu ambacho mwongo akikiandika ataumbuka akiulizwa swali la pili.

Nikuulize basi. Hiyo ndoo iliyo ndani kwako sasa hivi, imevunwa lini, mizinga gani, ina rangi gani, ukifungua kifuniko inanukia nini?

Binti_wa_Sikonge:

Shikamoo mzee wangu. Imevunwa mwezi wa sita mwaka jana, mjomba ana mizinga ya magome ameitundika kwenye miombo. Rangi ni nyeusi nyeusi kama chai ya rangi iliyokolea. Na kusema ukweli ina harufu ya moshi kwa mbali maana wanavuna na moshi usiku, hiyo huwa siitaji wasije wakakimbia.

MzeeWaMizinga:

Marahaba. Hiyo ndiyo ya kutaja kwanza! Asiyependa moshi atakimbia sasa hivi badala ya kukimbia akiwa ameshalipa na kukurudishia chupa kwa bodaboda. Na aliyekulia Tabora ataisoma hiyo harufu na kukutafuta usiku huohuo.

Kitu cha pili ni maji. Mwambie mjomba akuambie alivuna masega yaliyozibwa nta au alikamua na yale ya wazi. Sega ambalo nyuki hawajaliziba bado lina maji mengi, asali yake ikikaa inatoa povu na kuchachuka. Kuna kipimo kidogo cha mkononi, unaweka tone moja kwenye kioo unachungulia kwenye mwanga, kinakusomea asilimia ya maji. Viwango vya kimataifa vinataka isizidi 20. Pima, piga picha, andika namba yako.

La tatu, acha kuandika lita peke yake. Lita moja ya asali ni kama kilo 1.4. Yule wa 12 mwangalie vizuri anauza nini.

Binti_wa_Sikonge:

Subiri kwanza.

Mungu wangu. Nimemuuliza kama mteja. Anauza KILO kwa 12. Kwa hiyo lita yake ni kama 16,800 na mimi wiki tano naonekana mwizi!! Na hilo neno lita kwenye tangazo langu halikuwepo kabisa, nilikuwa nalisema inboksi tu.

Mjasiriamali_Kkoo:

Sasa hapo tofauti ni elfu moja na mia mbili, bado wewe uko juu lakini inaelezeka. Ila naomba msipuuze nililosema la kutafuta.

MzeeWaMizinga:

Kaka hujakosea, "asali mbichi" iwepo, mstari wa kwanza, mara moja inatosha. Likijaa tangazo zima ndipo linapoua.

Tegeta_kwa_Ndevu:

Mimi ni mnunuzi tu. Binafsi nikiona "inatibu magonjwa 40" naruka, babu yangu alikuwa na sukari akawa anaibugia asali kwa maneno kama hayo tukaishia hospitali. Lingine, nilinunua chupa nikaenda nayo Njombe ikaganda yote nikajua nimepigwa sukari nikamblok muuzaji. Ilikuwa sukari au siyo?

MzeeWaMizinga:

Baridi. Asali nyingi halali huganda, hasa mahali pa baridi kama Njombe, Dar joto linaichelewesha. Ilikuwa uiweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu, yasichemke, ingeyeyuka. Sisemi muuzaji wako alikuwa mwaminifu, hilo sitalijua kwa kuganda peke yake, ila angeandika mapema kwamba inaganda usingemblok.

Binti_wa_Sikonge:

Wadau nimerudi, zimepita siku kumi na mbili. Mjomba kasema alitenga, masega ya wazi waliyatumia kwenye pombe kulekule. Kipimo nimeazima kwa mtu, kimesoma 18. Nimeandika mwenyewe usiku mmoja na hii ndiyo niliyoweka:

"Asali mbichi ya Sikonge, Tabora. Mjomba wangu aliivuna Juni kwenye mizinga ya magome. Ni nyeusi, nzito, na ina harufu ya moshi kidogo, kama hupendi moshi hii siyo yako. Maji 18%, picha ya kipimo ipo hapo chini. Chupa ya lita 1 (kilo 1.4) ni 18,000. Ukiipeleka sehemu ya baridi itaganda, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu itarudi. USIMPE MTOTO CHINI YA MWAKA MMOJA."

Picha nimeacha ile ya kopi ya asali inayong'aa kama dhahabu, nimepiga ya kwangu, kijiko juu ya sahani nyeupe dirishani.

Waliouliza ni wachache kuliko zamani, sitawadanganya, ila wanaouliza wanauliza "ule moshi ni mkali kiasi gani" na "kipimo ulipima lini". Mzee mmoja kachukua lita tano kwa mara moja, anasema baba yake alikuwa mrina asali na hajaisikia ile harufu tangu ahamie Dar. Na yule mama wa miezi saba nilimtafuta nikamwomba radhi, hajanunua, na simlaumu.

Mama_Vitenge:

Umeandika vizuri mpaka na mimi nataka. Ila mdogo wangu hawa si watakukopi hii nayo?

Binti_wa_Sikonge:

Wameshakopi dada!! Jana nimemkuta mtu kaandika "mjomba wangu aliivuna Juni", na picha ya sahani yangu kaichukua. Mikono inatetemeka ninavyoandika hapa.

MzeeWaMizinga:

Muulize hadharani chini ya tangazo lake, kipimo kimesoma ngapi na mzinga wa aina gani, halafu muache. Na ndoo yako hiyo ikiisha yafute maelezo yako, usiyahamishie kwenye ndoo nyingine. Mzigo ujao utakuwa na rangi yake na maji yake, utapima upya na kuandika upya, yeye atakuwa bado anauza Juni yako.

Mjasiriamali_Kkoo:

Mzee hilo la kuandika upya kila ndoo mimi silikubali, mtu mwenye bidhaa 200 dukani ataandika saa ngapi?

MzeeWaMizinga:

Mwenye 200 sina jibu lake. Binti ana ndoo moja.