Tupeane uzoefu: uliposti mkono tu wa mtu wako, watu wakaelewa nini?

Mwana_Ujiji: Wakuu salama? Kuna dada namfahamu kaweka stetasi mgebuka wa kuchoma, sahani mbili, na ng'ambo ya meza kiwiko cha mwanaume basi. Hajaandika kitu zaidi ya kaemoji ka kufuli. Simu hazijapoa mpaka saa hizi. Mji wetu mnaujua, ukipiga chafya Mwanga, Ujiji wanakwambia pole. Waliowahi kumtoa mtu nusu nusu hivi, watu walisoma nini pale? Na nyie watazamaji huwa mnaangalia nini?

Dada_Gungu: Saa na kucha. Sura wala sina haja nayo.

Bangwe_Kwetu: Umenikumbusha mbali. Nilikuwa na kaka mmoja fundi wa kuchomelea mageti, mpole, ananijali, ila kila nikishika simu anasema mama usinitoe sura, watu wana macho. Nikaona sawa. Jioni moja tuko ufukweni jua linazama upande wa Kongo, nikapiga mkono wake umeshika soda, ziwa nyuma, nikaandika "alhamdulillah" nikarusha. Mwanzoni ni hongera tu, eti shemeji ana mkono wa kazi. Halafu ikaingia meseji ya mdada mmoja wa Kasulu, nilikuwa na namba yake kwa sababu ananiletea maharage. Anauliza, huo mkanda wa saa umeshonwa na nani? Nikazumu picha. Kweli mkanda ulikatika ukashonwa na uzi wa bluu, mimi siku zote nauona wala sijawahi kuuliza. Akaniambia nimeushona mimi. Akanitumia picha, mkono uleule, lile kovu la moto kwenye dole gumba, umebeba mtoto mchanga. Mwenzangu nilikaa chini palepale kwenye mchanga, na yeye yuko pembeni anamalizia soda. Nikamgeuzia simu aone. Hakukana. Akauliza tu, kwa nini umeposti?

Katubuka_Boy: Duh. "Kwa nini umeposti"!!

Dada_Gungu: Dada yangu pole sana. Na yule wa Kasulu mkaishia wapi?

Bangwe_Kwetu: Tunaongea mpaka leo. Maharage bado analeta.

Katubuka_Boy: Ndo maana nasema mwanaume anayekataa sura ana mtu wake, hakuna cha watu wana macho.

Mke_wa_Mtu_Ujiji: Katubuka usitubebe wote kapu moja. Mimi mume wangu nilimposti kivuli tu mpaka barua ya posa ilipopokelewa. Ungetaka baba mkubwa amjue mkwe kwa kuonyeshwa simu na jirani? Marafiki walijua kuna mtu, wazee wakasubiri wajue kwa njia yake. Hiyo ni heshima.

Katubuka_Boy: Heshima ya kivuli sasa.

Mke_wa_Mtu_Ujiji: Na ndoa ipo. Wewe yako iko wapi?

Mama_Shangazi: Acheni kugombana wanangu. Mnaangalia kilichoonekana, mimi huuliza nani kaikata hiyo picha. Kama mmekubaliana, na yeye kwake utaona kitu chako, mtandio kwenye kiti, kikombe, chochote. Sahani zile zile zikionekana kwako tu, kwake kimya, au anaposti ziwa lile lile kama alikwenda peke yake, basi wewe unamtangaza na yeye anakufuta. Wafuasi wanaliona hilo kabla yako maana wanafungua simu zote mbili.

Dada_Gungu: Shangazi umemaliza.

Nkinga_Tabora: Dawa ndogo tu, mfiche unayemwogopa kwenye stetasi. Na WhatsApp inakuletea taarifa mtu akipiga skrinishoti, utamjua mbea.

FundiSimu_Mwanga: Hapo kwenye taarifa hapana mkuu, skrinishoti ya stetasi hailetewi taarifa. Unaona tu nani katazama, na mwenye ujanja anazima alama za kusoma humuoni kabisa. Kuficha kupo, "My contacts except", ila chagua KABLA hujarusha. Ukibadilisha baadaye ile iliyokwisha kwenda haibadiliki, labda uifute. Nimeletewa simu hapa dukani mtu analia, kamficha mama mkwe baada ya kuposti. Saa 24 mama mkwe anaangalia tu.

Nkinga_Tabora: Mbona mimi iliniletea?

FundiSimu_Mwanga: Sio ya stetasi hiyo. Lete simu niione.

Babu_wa_Reli: Na mimi stetasi yangu picha inakatika yenyewe, mjukuu anatokea kichwa hana. Nabonyeza wapi?

Dada_Gungu: Babu hapo wajukuu watadhani umeoa 😂

FundiSimu_Mwanga: Babu, kabla ya kutuma ibane picha kwa vidole viwili mpaka aonekane mzima.

Mwana_Ujiji: Yule dada kafuta ya mgebuka. Kaweka nyingine, sahani moja.

Katubuka_Boy: Mpigieni simu jamani, msimwandikie.