Kaunta inahesabu dumu moja mara mbili: filta ya inputi, taima, au wan-shoti?

FundiUjiji (Kigoma)
Wakuu, naomba ushauri. Kuna laini ya kujaza mawese kwenye madumu ya lita 20. Konveya inakwenda sentimita 20 kwa sekunde, dumu lina upana wa sentimita 25, na nafasi kati ya dumu na dumu haipungui sentimita 10. Anayehesabu ni limiti swichi ya mkono wenye roli, volti 24, imeingia kwenye PLC ya S7-1200. Skani moja ya programu ni kama milisekunde 8. Yakipita madumu 100 halisi, kaunta inasoma 108 hadi 115. Kuna njia tatu mezani: kupandisha filta ya inputi, kuweka taima, au kuweka wan-shoti ya R_TRIG mbele ya kaunta ya CTU. Ipi ni sahihi?

Katubuka77
Filta, mkuu, usihangaike na programu. S7-1200 hutoka kiwandani na filta ya milisekunde 6.4. Fungua mipangilio ya inputi hiyo, ipandishe hadi milisekunde 20, pakia, umemaliza. Kontakti ya swichi ikifunga hudunda kwa milisekunde chache tu, haifiki 20.

BiUmeme
Katubuka yuko sahihi kuhusu kudunda kwa kontakti yenyewe, na filta hiyo naiunga mkono kama hatua ya kwanza. Ila sidhani kama ndicho kinachotokea hapa. Dumu la plastiki lina mbavu na linatikisika juu ya konveya, kwa hiyo mkono wa swichi unaweza kuachia katikati ya dumu kisha ukakamata tena. Kuachia huko ni kwa makumi ya milisekunde, na filta ya 20 itakupitisha bila kukuzuia.

R_TRIG iondoe kabisa kwenye orodha. CTU yenyewe huhesabu pale ishara inapopanda tu, hivyo R_TRIG mbele yake haiongezi kitu. Zaidi ya hapo, ishara inapodunda inapanda kweli, mara mbili au tatu, na wan-shoti itatoa pulsi kwa kila mpando. Haijui upi ni wa dumu na upi ni wa mtikisiko.

Kabla ya kuchagua, pima kwa PLC yenyewe. Weka taima inayokimbia wakati swichi imeachia. Swichi inaporudi kukamata, chukua muda uliosomwa. Ukiwa chini ya milisekunde 300 na ni mkubwa kuliko uliohifadhiwa, uhifadhi. Pitisha madumu 100, tuletee namba.

FundiUjiji
Asante dada. Namba kubwa ni milisekunde 60. Nikaweka taima ya TON ya milisekunde 50, lakini hesabu bado inazidi. Halafu nikajaribu R_TRIG kwanza, TON ikafuata: sasa haihesabu chochote.

BiUmeme
Hilo la pili ni la mpangilio. R_TRIG hutoa pulsi ya skani moja, kwako ni milisekunde 8. TON inataka 50 mfululizo, haiwezi kufika. Chujio daima hutangulia, wan-shoti hufuata.

La kwanza: TON huchelewesha kuwaka tu. Swichi ikiachia milisekunde 60 katikati ya dumu, TON inazima papo hapo, kisha baada ya 50 inawaka upya na kukuhesabia dumu la pili. Unahitaji kuchuja pande zote mbili, TOF ikichelewesha kuzima:

```
|--[ Swichi ]------------(TON T1  50 ms)--|
|--[ T1.Q ]--------------(TOF T2 150 ms)--|
|--[ T2.Q ]--------------(CTU Idadi)------|
```

Angalia kwa nini TOF ni 150. Watu wengi wangeona mtikisiko ni 60, wakaweka 100 na kuamini inatosha. Haitoshi. T1.Q inazima swichi inapoachia, inakaa chini milisekunde 60, halafu inasubiri 50 nyingine kabla ya kuwaka. Jumla ni 110. TOF ya 100 ingeshaisha, na hesabu mbili zingerudi pale pale. Kwa hiyo TOF lazima izidi mtikisiko mrefu kabisa pamoja na muda wa TON, na uongeze skani kadhaa juu yake.

Upande wa juu una kikomo pia. Kati ya dumu na dumu swichi inaachia angalau 0.5 ya sekunde, yaani sentimita 10 kwa mwendo wa 20. T1.Q inakaa chini 500 na 50, jumla 550, kwa hiyo TOF ya 150 inaisha bila shida. Ukija kuongeza kasi ya konveya, piga hesabu hii upya.

Katubuka77
Nimekubali kuhusu pande mbili. Lakini kwa nini asitoe swichi akaweka sensa ya proksimiti? Haina kontakti ya kudunda.

BiUmeme
Proksimiti ya sumaku-umeme haioni plastiki, inaona chuma. Ya kapasitansi inaona, ila mafuta yana mwitikio dhaifu kuliko maji, itabidi ikae karibu sana na dumu.

Katubuka77
Basi sensa ya mwanga yenye kioo cha kurudisha.

FundiUjiji
Hapo mawese yanaruka, lenzi itapata utando wa mafuta kila zamu. Sijui kama wataifuta.

NzegaPampu (Tabora)
Samahani kuingilia, hapa kwangu tatizo ni hilo hilo la kudunda. Kitufe kimoja cha kuwasha na kuzima pampu ya maji. Nimeweka TON na wan-shoti, lakini ukibonyeza pampu haiwaki kabisa. Mstari wa kwanza: pulsi ipo na pampu imezima, SET. Wa pili: pulsi ipo na pampu imewaka, RESET.

BiUmeme
Ndugu yangu, kwako si kudunda. Mstari wa kwanza unaiwasha pampu, na ndani ya skani ile ile mstari wa pili unakuta pulsi bado ipo na pampu imewaka, unaizima. Andika koili moja tu:

```
Pampu := Pampu XOR Pulsi
```

Ikiwa wan-shoti yako inatumia biti ya kumbukumbu, hakikisha biti hiyo haitumiki na wan-shoti nyingine popote. Zikishirikiana, moja huiharibia nyingine, na hitilafu yake huja na kupotea. Na kitufe cha kusimamisha dharura kisipite humu. Kikate umeme wa kontakta moja kwa moja.

FundiUjiji
Nimeweka TON 50 na TOF 150. Madumu 100, kaunta 100. Imebaki moja: umeme ukikatika na dumu liko chini ya swichi, ukirudi linaongezeka moja. Idadi inahifadhiwa, hilo niliweka. Nimezuia hesabu kwenye skani ya kwanza, haisaidii.

BiUmeme
Haiwezi kusaidia, kwa sababu T2.Q inapanda milisekunde 50 baada ya PLC kuanza, skani ya kwanza imeshapita zamani. Tengeneza biti uiite Tayari. Ifute kwenye skani ya kwanza, iweke pale tu swichi itakapokuwa imeachia milisekunde 200 mfululizo, kisha iunganishe na T2.Q kwenye mstari wa kaunta. Dumu lililokutwa chini ya swichi lilishahesabiwa kabla umeme haujakatika, litapita kimya.

Katubuka77
Na madumu yakibanana hadi nafasi iishe? Swichi haiachii, mawili yatasomwa moja.

BiUmeme
Kweli, na hapo taima haina dawa. Itabidi kizuizi cha kuyatenganisha kabla ya swichi, au kuhesabu kwenye vali ya kujazia badala ya konveya. Mimi ningependa vali, ila FundiUjiji hajatuambia kama kila mfunguo wa vali ni dumu moja.

FundiUjiji
Mara nyingine wanaongezea kwa mkono, vali inafunguka mara mbili. Nitaangalia kizuizi.